Mzee Asibadilishwe Uso: Barua ya Kijana Anayemtaka Baba Yake Kwenye Picha ya Mahafali

Barua ilifika ndani ya bahasha ya kaki, imeletwa na konda wa basi la Ifakara hadi stendi ya Msamvu. Ilikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono na picha tatu zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Kijana aliyeiandika alikuwa anahitimu Novemba hapa Morogoro. Baba yake alifariki mwaka 2007, yeye akiwa na miaka saba. Aliomba tumtie baba yake kwenye picha ya mahafali, asimame kati yake na mama yake. Kisha akaongeza mambo manne. Mzee avalishwe suti nyeusi badala ya ile kaunda suti ya kwenye picha, atabasamu, aweke mkono begani kwa mwanawe, na mama asijue chochote mpaka siku ya kukabidhiwa fremu.

Barua za namna hii tunazipata kila mwaka majoho yanapoanza kuonekana mitaani. Studio nyingi hujibu ndiyo kwa kila kilichoombwa, kwa sababu mteja analipa na programu za kompyuta zinaweza. Mimi nasema ndiyo kwa ombi lenyewe, na hapana kwa yale manne yote. Baada ya miaka mingi ya kazi hii nimeamini jambo moja: marehemu hapaswi kubadilishwa afanane na picha mpya. Picha mpya ndiyo itengenezwe ifanane na yeye. Walio hai wanaweza kusogea, kugeuka, kusubiri jua lishuke na kurudia pozi mara kumi. Yeye alishapiga picha yake.

Nianze na zile picha tatu, kwa sababu matokeo yote yanaamuliwa hapo kabla kompyuta haijawashwa.

Ya kwanza ilikuwa ya harusi, watu zaidi ya ishirini mbele ya kanisa. Kijana aliipenda kuliko zote kwa kuwa baba anacheka. Nikaipima kwa rula: kichwa cha baba, kuanzia kidevuni hadi utosini, kilikuwa na milimita tano. Ya pili ilikuwa pasipoti ya kitambulisho cha kazi, kichwa chenye milimita 30 hivi, lakini inaishia chini kidogo ya kola na muhuri umekanyaga bega. Ya tatu ilipigwa studio mwaka 1998, ya nusu mwili, kwa ukubwa wa postikadi, yaani sentimita 10 kwa 15. Mzee amesimama mbele ya pazia, kaunda suti imepigwa pasi, mikono imeshuka, haonyeshi meno. Kichwa chake kina milimita 36.

Picha ya nusu mwili ya watu watatu ikichapwa kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, kila kichwa kinatoka na urefu wa milimita 45 hivi. Kwa hiyo uso wa kwenye picha ya studio utakuzwa mara moja na robo tu, na hilo karatasi nzuri ya zamani inalibeba bila shida. Uso wa harusini ungehitaji kukuzwa mara tisa. Hakuna uso unaokuzwa mara tisa ukabaki wa mtu yuleyule. Kinachotoka ni ukungu wenye macho, na programu za kunoa nyuso zikiupitia ukungu huo hujaza kope, meno na mistari ya midomo ambayo haikuwahi kuwa ya mtu huyo. Mtoto aliyempoteza baba akiwa na miaka saba anaweza kuukubali uso huo. Mama aliyelala naye chumba kimoja kwa miaka kumi hataukubali, na mara nyingi hataweza kueleza kwa nini. Atasema tu, "Siyo yeye."

Hivyo nikachagua ile ya 1998, ingawa ndiyo aliyoitaja mwisho. Pia nikamkatalia fremu ya sentimita 60 kwa 90 aliyoitaka ukutani. Kwa ukubwa huo uso wa mzee ungekuzwa karibu mara nne, na wakati nyuso za mama na mwana zingekuwa kali kama zimechongwa, wa mzee ungekuwa na ukungu. Picha ichapwe kwa kiasi anachoweza kufikia yule mwenye picha dhaifu, hata kama kamera ya leo inaweza kujaza ukuta mzima.

Kuna jambo ningependa kila familia ilijue kabla ya kuleta picha. Usiibandue. Nyumba nyingi zina zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu, na zina fremu ambazo picha imegandana na kioo kwa unyevu. Ukivuta, unaondoka na tabaka la juu la picha, yaani unaondoka na mtu mwenyewe. Leta albamu nzima, leta fremu na kioo chake, zitalazwa kwenye skana hivyohivyo. Na usiipige kwa simu kisha ukaituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hupunguzwa njiani na kinachopotea hakirudi. Basi la Ifakara lilikuwa njia bora kuliko mtandao.

Picha ya mzee ilikuwa imegeuka nyekundu. Rangi za picha za wakati ule zilijengwa kwa tabaka tatu za wino: wa bluu ya maji, wa waridi iliyokolea na wa njano. Picha inapofichwa gizani, ndani ya albamu au sanduku, tabaka la bluu ya maji ndilo hufifia mapema kuliko mengine, na linapoondoka watu wote wanakuwa kama wameoga mawese. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Wanaongeza bluu kwa kukisia mpaka ngozi ipate rangi wanayoiona inapendeza, na kwa desturi yetu mbaya "inayopendeza" huwa nyeupe kuliko alivyokuwa marehemu. Nimeona akina baba waliokuwa weusi tii wakining'inia sebuleni wakiwa maji ya kunde, na wajukuu wanakua wakijua babu alikuwa hivyo.

Mimi nilipendekeza tuifanye nyeusi na nyeupe, yote, pamoja na mama na mwana. Sababu yake ni ya kiufundi zaidi ya uzuri. Skana inaisoma picha kwa njia tatu, nyekundu, kijani na bluu. Njia nyekundu ndiyo inayosoma wino wa bluu ya maji, na wino ule ukishaondoka njia hiyo inakuwa tupu, imechujuka. Njia ya kijani inasoma wino wa waridi ambao gizani umebaki imara, na humo ndimo mzee alikuwa bado mzima: mikunjo ya paji la uso, kovu dogo juu ya nyusi, mshono wa mfuko. Nikaichukua ile ya kijani peke yake kwa skani ya nukta 600 kwa inchi na sikulazimika kukisia rangi yoyote.

Karatasi ya picha hiyo ilikuwa ya aina ya vipele vidogo, kama kitambaa, zilizopendwa sana miaka ile. Taa ya skana inaupiga kila kipele upande mmoja na kuacha kivuli upande wa pili, na uso unajaa nukta. Ukizifuta kwa programu, unafuta na ngozi pia. Dawa yake ni kuiskani mara mbili, mara ya pili ukiwa umeigeuza chini juu, kisha unazipanga zile mbili moja juu ya nyingine. Vivuli vya vipele vinaangukia pande tofauti na vinauana. Uso unabaki na kila kilicho chake.

Kufikia hapo sikuwa nimepiga picha yoyote ya mahafali, na hilo ndilo lilikuwa bahati kubwa ya kijana huyu. Aliandika Septemba. Wengi huja Desemba na picha iliyokwisha kupigwa saa saba mchana mbele ya ukumbi, jua utosini, macho yamezama kwenye vivuli, halafu wanataka baba aliyepigwa kwa taa laini ya studio aingizwe pale. Utamkata vizuri kwa mkasi wa kompyuta, utalainisha kingo, lakini jua lake linatoka kwingine, na kila atakayeitazama atahisi mtu amebandikwa.

Kwa hiyo nilimsoma mzee kwanza. Ndani ya kila jicho lake kulikuwa na nukta ndogo nyeupe, juu kidogo upande wa kushoto wa picha. Hiyo ni taa ya studio ya mwaka 1998 ikijitaja mahali ilipokuwa. Kivuli cha pua kilianguka kidogo upande wa kulia, laini, bila kingo kali. Matundu ya pua yalionekana kwa mbali, maana yake kamera ilikuwa chini kidogo ya macho yake, labda usawa wa kifua. Alitazama lenzi moja kwa moja.

Siku tatu baada ya mahafali, kabla joho halijarudishwa chuoni, mama na mwana walikuja studio. Nikawasimamisha na taa moja yenye kitambaa cheupe, juu kushoto, kamera usawa wa kifua. Nikawaomba watazame lenzi. Pozi lilikuwa la nusu mwili kwa sababu mzee tunaye nusu mwili. Tungetaka wima, ningelazimika kumtafutia miguu ya mtu mwingine, na wapo mafundi wanaofanya hivyo: wanamsimamisha baba mdogo ndani ya koti la marehemu na kumbadilisha kichwa. Kazi hutoka safi, mwanga na vivuli vinakaa sawa. Lakini familia ikishajua mwili ni wa nani, hawamwoni tena marehemu, wanamwona baba mdogo aliyevaa uso wa kaka yake.

Kuhusu mkono begani, hatukuwa na mkono. Kwenye picha yake mikono imeshuka na viganja vimekatwa na ukingo. Nilichofanya ni kumsimamisha kijana nusu hatua mbele, joho lake pana likipita mbele ya mahali ambapo mkono wa baba ungeonekana umekatika. Baba yuko nyuma ya bega la mwanawe, karibu kabisa. Mkono hauonekani na hakuna anayeuuliza.

Alitaka baba akae katikati. Nilimweka pembeni, kushoto, kijana akawa katikati na mama kulia. Mzee wa picha ile ana miaka 34. Mama leo amevuka hamsini. Wakisimama bega kwa bega, mgeni anayeingia sebuleni atadhani ni mama na mwanawe wa kwanza. Kuna studio zitakazojitolea kumzeesha mzee: mvi kidogo, mashavu yashuke, mistari kwenye macho. Nalikataa hili kuliko yote. Mzee huyu hakufika hamsini. Uso wake wa hamsini haupo popote, na atakayeuchora anamchora mtu ambaye familia haikuwahi kuishi naye. Kijana akiwa katikati, tofauti ya umri inapata nafasi ya kupumua. Baba anaonekana kijana karibu na mwanawe aliye kijana, nao walifanana hivi kwamba mama alipoiona mara ya kwanza alinyamaza kwa muda.

Kumpima ukubwa kulihitaji uangalifu. Ukipima kwa urefu wa kichwa, nywele zinakudanganya. Mimi hupima kati ya mboni na mboni, kwa sababu kwa watu wazima umbali huo haupishani sana, ni milimita 63 hivi kwa wastani. Kwa kuwa mzee alitazama mbele moja kwa moja, kipimo kilifaa. Kimo kikatoka kwenye ile picha ya harusi niliyoikataa: humo alimzidi mkewe kwa nusu kichwa, wote wakiwa kwenye ngazi moja. Basi hata picha isiyofaa kwa uso inaweza kutoa ushahidi wa jambo lingine, ndiyo maana huwaomba watu walete zote walizonazo.

Kwa nini nisimgeuze tu kwa kioo, atazame upande ninaoutaka? Swali hili vijana wa studio huniuliza sana, kwani ni kubofya kitufe kimoja. Uso wa mtu hauko sawa pande mbili. Nyusi moja iko juu, mdomo umeinamia upande, kovu lina mahali pake, hata kaunda suti ya kiume hufungwa upande wake. Ukimgeuza, kila kitu kipo na yeye hayupo. Ukitaka kuijua kazi ya namna hiyo, tazama vifungo.

Tabasamu nililikataa kwa sababu hiyohiyo. Watu wa umri wake walikwenda studio mara chache, wakalipa, wakasimama kwa heshima na kufunga midomo. Ndivyo alivyochagua kuonekana. Kuvuta pembe za midomo ya mtu aliyekufa ili zifurahie jambo asilolijua ni kumsemea. Na ile suti nyeusi? Kaunda suti ile aliitoa kwa fundi cherehani, akaipiga pasi, akaivaa kwenda studio. Ilikuwa nguo yake ya mahafali.

Linabaki lile la siri, nalo halihusu kompyuta hata kidogo. Vijana wengi wanataka kumshtukiza mama. Wanawaza machozi ya furaha. Mimi nimeyaona machozi yenyewe kaunta, watu wamejaa, mwanamke amefunguliwa karatasi na kumkuta mumewe amesimama kando ya mwanawe mwenye joho, na hayakuwa ya furaha. Mjane anaweza kuwa amechukua miaka kumi na saba kuzoea pengo hilo, na ana haki ya kuulizwa kabla halijajazwa. Pia yeye ndiye shahidi pekee wa uso ule. Nilimwandikia kijana kwamba bila mama kujua sitaanza. Alichelewa kujibu wiki mbili. Kisha akapiga simu, mama akiwa kando yake, na mama ndiye aliyeuliza maswali yote.

Desturi yenyewe si ngeni. Huko Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alijulikana kwa kukata na kuunganisha picha kwa mkasi na chumba cha giza. Wayoruba wa Nigeria wana jambo lililoandikwa na watafiti tangu miaka ya 1970: pacha mmoja akifa kabla hawajapigwa picha pamoja, aliyebaki hupigwa mara mbili na kuchapwa bega kwa bega, ili mapacha wawe wawili. Huo ni uso wa kuazima, lakini ni wa kuazima kwa makubaliano, na kila mtu wa nyumba hiyo anajua. Familia zisizo na picha yoyote ya marehemu hunishawishi nitumie uso wa ndugu yake, "wanafanana sana." Hapa kwetu hatuna makubaliano hayo. Baada ya miaka ishirini atakayeiona ataamini ndiye.

Hilo la miaka ishirini ndilo linalonisumbua zaidi katika kazi hii, hata ikifanywa vizuri. Hasa ikifanywa vizuri. Picha inayomwonyesha mtu aliyekufa mwaka 2007 akiwa kwenye mahafali ya 2024 inaweza siku moja kutolewa kwenye kikao cha mirathi, au mbele ya nyumba nyingine ya mzee ambayo hatukuijua. Inaweza pia kumdanganya mjukuu bila mtu yeyote kukusudia. Ndiyo maana nyuma ya kila picha ya namna hii naandika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino inayopenya: nani yupo, nani aliunganishwa, picha yake ilipigwa mwaka gani, na lini tumeziunganisha. Baadhi ya wateja hawapendi. Bila maandishi hayo sikabidhi.

Kabla ya kuchapa ya mwisho nilimpelekea mama nakala ndogo, aitazame nyumbani kwake peke yake, kwa siku mbili. Huwa natoa nakala hiyo kila mara, na kila mara linarudi jambo ambalo jicho langu lisingeliona. Safari hii alirudisha moja. Kwenye mfuko wa juu wa kaunda suti kulikuwa na mstari mweusi mfupi, wima, ambao niliudhani ni mkwaruzo wa albamu na nikaufuta nilipokuwa nasafisha picha. Alikuwa ameuzungushia duara kwa penseli pale ulipotakiwa kuwa. Ilikuwa kalamu. Mzee alikuwa karani wa chama cha ushirika, na hakutoka nyumbani bila kalamu mfukoni.

Nikairudisha kutoka kwenye skani ya awali, nikachapa upya. Picha yake ya 1998 ikarudi Ifakara kwa basi lilelile, ndani ya bahasha yake ya kaki, imefungwa kwenye ile karatasi ya daftari.